Mwani, mizani na swali la "umejuaje?": uchambuzi wa usaili mmoja wa kazi Pemba

Tangazo lilikuwa fupi. Kampuni inayonunua mwani mkavu kwa wakulima na kuusafirisha nje ya nchi ilikuwa inatafuta afisa wa ubora na ununuzi, akae kituo cha kaskazini mwa Pemba. Sifa zilizotakiwa ni elimu ya sayansi ngazi ya stashahada au shahada, uzoefu wa kupokea na kupima mazao, na uwezo wa kufanya kazi na wakulima. Chini yake yakaorodheshwa majukumu: kukagua mwani kabla ya kupimwa, kutunza kumbukumbu za godauni, kupunguza upotevu wa uzito baada ya ununuzi, kuandika ripoti kila wiki. Usaili ungefanyika ofisi kuu, Unguja mjini.

Mwombaji ninayemzungumzia ni binti wa Wilaya ya Micheweni. Amesoma kemia, na baada ya masomo akapata kibarua cha kuandika mizani ya dagaa wakavu dikoni. Kwa ombi lake simtaji, na kampuni nayo naiacha bila jina. Mimi kwa miaka mingi nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye majopo ya usaili, na ndiyo maana alinitumia matayarisho yake niyasome.

Alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu kampuni. Sentensi ya kwanza ilisema: "Nimesoma kwamba kampuni yenu ni miongoni mwa kampuni zinazoongoza katika sekta ya mwani, na ina dhamira ya kuwainua wanawake kiuchumi." Zilizofuata zilikuwa za namna hiyohiyo. Hakuna uongo ndani yake. Lakini aliyekaa kwenye jopo ana karatasi ya alama mbele yake, na kwenye kisanduku cha "uelewa wa kazi" lazima aandike kitu. Sentensi ile haimpi cha kuandika. Maneno yake ni ya kampuni yenyewe, yametoka kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, na mwombaji mwengine yeyote anaweza kuyasema kwa kampuni nyengine yoyote ya mwani. Msaili atatikisa kichwa na kuendelea na swali linalofuata.

Kwa hiyo nilimwambia aliweke pembeni karatasi hilo, alisome tangazo upya, na kwa kila jukumu ajiulize: kwa nini wameona haja ya kuliandika?

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo la kuthibitisha. Alikuwa amelitafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA na hakulipata, akaingiwa na wasiwasi kwamba ajira yenyewe ni ya kitapeli. Kosa hili huwapata wengi. BRELA husajili kampuni za Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa biashara na mali, BPRA, na kampuni iliyoandikishwa huku haitaonekana kule. Alipouliza BPRA alikuta kampuni ipo, ila kwa jina refu lisilofanana na lile lililo kwenye tangazo, kwa sababu lile la tangazo lilikuwa jina la kibiashara tu. Hilo la usajili likaishia hapo, wala halikuwa jambo la kulitaja kwenye usaili. Lilimsaidia kujua anakwenda kwa nani, na likampa jina sahihi la kuandika kwenye barua.

Neno moja kwenye tangazo

Alipolisoma tangazo kwa makini, alisimama kwenye "kupunguza upotevu wa uzito baada ya ununuzi". Kuhifadhi kumbukumbu na kuandika ripoti ni mambo yanayoandikwa kwenye tangazo la kazi yoyote ya godauni. Upotevu wa uzito hauandikwi na mtu asiyeumia nao.

Hapa elimu yake ya kemia ikaanza kufanya kazi. Mwani hununuliwa mkavu, lakini mkavu wake una daraja. Wanunuzi wa nje kwa kawaida hutaka unyevu usizidi kiwango cha mkataba, mara nyingi kati ya asilimia 35 na 40, na mchanga na takataka viwe kidogo sana. Sasa chukua kilo 1,000 zilizonunuliwa kituoni zikiwa na unyevu wa asilimia 42. Ndani yake mna kilo 580 za kitu kikavu hasa, na kilo 420 ni maji. Mzigo huo ukianikwa tena godauni mpaka ufike asilimia 35, zile kilo 580 hazibadiliki, ila sasa ni asilimia 65 ya uzito wote. Gawa 580 kwa 0.65 utapata kilo 892. Kampuni imelipia kilo 1,000 na inasafirisha 892. Kilo 108 zimepotea bila ya mtu kuiba hata shada moja, na bado hujakung'uta mchanga.

Hesabu hii ndiyo iliyogeuza matayarisho yake. Kufikia hapo alijua afisa huyu anaajiriwa kuziba pengo gani. Alijua pia kwamba jambo lenyewe si geni kwake, kwani kwenye dagaa alikuwa akipima magunia jioni yakiletwa, na kuyapima tena siku yakipakiwa, na daftari lake lilikuwa na safu mbili za uzito kwa sababu tajiri wake alishachoka kugombana na wachukuzi.

Kwa shangazi, kwenye chanja

Shangazi yake analima mwani, na ndiko alikokwenda. Nilimsisitiza jambo moja: asiende kama mpelelezi. Akae nao wakati wa kuanika, asaidie kufungua mwani kwenye kamba, na aseme wazi kwamba ameomba kazi kwenye kampuni inayonunua na anataka kuijua kazi.

Alichokuja nacho kilikuwa na thamani kuliko kurasa zote za mtandaoni. Kwanza, aina. Ukurasa wa kampuni ulikuwa umejaa picha na sifa za kotoni, mwani wenye bei kubwa zaidi. Ufukweni hakukuwa na kotoni hata kidogo, kulikuwa na spinosamu tupu. Kisa cha kotoni wakulima wote wa visiwa hivi wanakijua. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, na aina zote mbili zikalimwa, lakini kotoni haivumilii maji ya moto. Katika maji mafupi hupata ugonjwa, matawi yanageuka meupe na kukatika, shamba likabaki kamba tupu. Hujikaza zaidi kwenye maji ya kina, na huko kunataka chombo na mtu anayejua kuogelea, wakati wengi wa wakulima ni kina mama ambao hawaogelei. Kama angeingia kwenye usaili akisema "nimefurahishwa na kazi yenu ya kotoni", angekuwa amesifia bidhaa ambayo kituo anachoombea hakinunui.

La pili lilitoka kwenye mazungumzo haya, ambayo alinisimulia kama yalivyokuwa.

"Shangazi, hawa wananunua siku gani?"

"Siku wakija, mwanangu. Gari likifika tunaitwa."

"Na likichelewa?"

"Tunaurudisha ndani. Sasa ule uliokwisha kukauka unarudi kuwa laini, ukiushika unanata. Wakija wanasema mbichi huu, wanaukataa au wanakata kilo."

Mwani mkavu una chumvi nyingi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ukirundikwa chumbani pembezoni mwa bahari kwa wiki moja au mbili, hasa masika, unyevu hupanda tena bila ya kunyeshewa tone. Mkulima amefanya kazi yake sawasawa, na mizani inamhukumu kwa kosa la ratiba. Jambo hili linauma, na alipokuwa akinieleza sauti yake ilionesha hivyo. Nilimwambia asiiache hisia hiyo, lakini asiipeleke kwenye meza ya usaili ikiwa katika sura ya lawama.

Kabla ya kuitumia habari hii alihitaji mtu wa pili asiyehusiana na shangazi. Alimpata mkulima wa kijiji chengine kinachouzia kampuni hiyohiyo. Huyu naye alisema siku za kununua hazijulikani, lakini sababu akaitaja nyengine. Shangazi alidhani kampuni inachelewa kwa sababu haina fedha, na huyu wa pili alisema ni gari, kwani mvua ikinyesha njia ya kijijini kwao haipitiki. Tofauti hiyo ilikuwa na faida kubwa. Ilimwonesha mpaka wa anachokijua: siku hazina mpango, hilo limethibitika kwa watu wawili. Kwa nini hazina mpango, hajui. Basi atasema la kwanza, na la pili ataliuliza.

Kutoka habari hadi kauli

Hapa ndipo waombaji wengi hukwama. Wanakusanya, kisha wanamwaga walichokusanya, na usaili unageuka mtihani wa historia ya kampuni. Nilimpa kipimo kimoja cha kila habari aliyotaka kuingia nayo: ifikirie inasemwa, kisha msaili anakuuliza, "Umejuaje?" Kama jibu linamtia mtu mwengine matatani, au ni "nimesikia tu", iache. Ikivuka hapo, iunganishe na jukumu lililomo kwenye tangazo, kisha na kitu ulichokwisha kukifanya kwa mikono yako. Ikikosa kimojawapo, ni habari njema kuijua lakini si kauli ya kusema.

Kwa kipimo hicho mambo kadhaa yalianguka. Binamu yake anayebeba magunia kwenye godauni la kampuni alikuwa amemtajia nchi mzigo unakopelekwa, na bei aliyoisikia. "Umejuaje?" ingemfukuzisha kazi binamu, na jopo lingeona mtu anayechukua siri za ndani kabla hata hajaajiriwa. Akaifuta. Habari za kampuni kuwa na dhamira kwa wanawake hazikugusa jukumu lolote la afisa wa ubora. Nazo akaziacha.

Zilibaki tatu. Ya upotevu wa uzito ilikuwa imeshakamilika: tangazo linaitaja, hesabu anayo, daftari la dagaa analo. Aliiandika hivi, kwa maneno ya kusemeka:

"Kwenye tangazo mmetaja upotevu wa uzito. Dikoni nilikuwa nikipima kila gunia mara mbili, likiingia na likitoka, na kuandika tofauti pamoja na jina la aliyeleta. Kwa mwani ningeanza na hilo, nikaongeza kipimo cha unyevu kwa sampuli ya kila kituo: kupima sampuli, kuikausha kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena, kisha kuipima upya. Hapo tutajua kilo zinapotelea kijijini, njiani au godauni."

Mtu wa jopo akiuliza "umejuaje?", jibu ni tangazo lao wenyewe na daftari la mwombaji. Kauli haimshutumu mtu, na inampa msaili kitu cha kuandika kwenye kisanduku chake.

Ya pili ilikuwa ngumu: ratiba. Kusema "wakulima wanalalamika kwamba hamji kwa wakati" ni kumwambia meneja mbele ya wenzake kwamba kazi yake mbovu. Hata kama ni kweli, jopo litaanza kujitetea na mwombaji hatasikilizwa tena. Tulikaa sana na hili kwenye simu. Suluhisho lilitoka kwake yeye, kwa sababu amekulia ufukweni na anajua maji.

Kina mama huvuna wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana na shamba kubaki wazi. Bamvu huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Baada ya kuvuna, mwani wa juu ya chanja hukauka kwa siku mbili tatu za jua zuri. Kwa hiyo unakuwa tayari maji yanapoingia kuwa mafu, kiasi cha tarehe 8 na tarehe 22 za mwezi wa Kiislamu, na siku hizo kina mama wenyewe wako nyumbani kwa vile hawawezi kuingia mashambani. Mnunuzi anayepanga safari zake kwa kalenda ya ofisi, mathalani kila Jumatatu ya kwanza, mara atafika mwani ungali baharini, na mara atakuta umeshakaa ndani wiki nzima. Akifuata maji, atakuta mzigo ukiwa katika ukavu wake bora na wauzaji wote wapo.

Hapo lalamiko likawa pendekezo la kitaalamu. Hata hivyo nilimshauri alitoe kwa sura ya swali: "Siku za kununua mnazipanga kwa tarehe za ofisi au kwa bamvu?" Afanye hivyo kwa sababu hajui kwa nini ratiba iko ilivyo. Inawezekana waliwahi kujaribu kufuata maji, wakashindwa kwa jambo asiloliona yeye. Swali linampa meneja nafasi ya kueleza, na jibu lolote atakalotoa litamfungulia mlango wa kutoa pendekezo au wa kulinyamazia.

Ya tatu ilikuwa kotoni, nayo ikabaki swali fupi: ukurasa wa kampuni unaonesha kotoni, kituo hiki kinanunua spinosamu, je, upo mpango wa kuirudisha?

Siku yenyewe

Alivuka kwa boti siku moja kabla. Jopo lilikuwa na watu watatu: meneja mkuu, mhasibu na msimamizi wa vituo vya Pemba, bwana wa makamo ambaye yeye ndiye angekuwa mkubwa wake wa kila siku. Aliwasalimia wote kwa heshima ya umri wao kabla ya kukaa.

Swali la kwanza lilikuwa lile la siku zote: unaijua vipi kampuni yetu? Alijibu kwa sentensi mbili tu, kwamba ni wanunuzi na wasafirishaji wa mwani na kituo cha kaskazini kinanunua spinosamu kutoka vijiji kadhaa, kisha akasema, "Lakini nilichokitazama zaidi ni lile jukumu la upotevu wa uzito." Mhasibu aliinua kichwa. Akamuuliza mfano. Binti akaandika kwenye karatasi ile hesabu ya kilo 1,000 na kuigeuza upande wao waione. Maswali yaliyofuata yakawa ya mhasibu: gharama ya oveni, nani atapima, itachukua muda gani. Baadhi aliyajibu. La bei ya oveni alisema hajui, ila anajua maabara za skuli zinazo ndogo, na kwa kuanzia ingetosha kukubaliana na mojawapo.

Lilipokuja suala la wakulima, msimamizi wa vituo alimtega: "Wakulima wanatuletea mwani mbichi makusudi ili uzito uwe mkubwa. Utawafanya nini?" Wapo wanaofanya hivyo, na binti hakukana. Alisema atakagua kabla ya mizani na kuukataa ulio mbichi, kisha akauliza swali lake la bamvu.

Msimamizi alinyamaza kidogo, akasema wanapanga kwa gari. Lori ni moja, linatumika vituo viwili.

Basi ile sababu haikuwa fedha wala njia peke yake. Kama angeingia na dhana ya shangazi, angekuwa amemwambia mtu huyu jambo lisilokuwa. Sasa alikuwa na nafasi ya kusema kwamba hata mwani unaoonekana mbichi, sehemu yake huenda ulikauka vizuri kisha ukavuta maji ndani ya nyumba, na njia ya kutofautisha ni kumuuliza mkulima siku aliyoanua na kuiandika karibu na uzito. Baada ya ununuzi wa mara chache daftari lenyewe litaonesha kama tatizo ni udanganyifu au ni siku za kungojea.

"Umejuaje kwamba wanangojea?" msimamizi aliuliza.

"Nimekaa nao nikianika. Shangazi yangu ni mkulima wenu, na nilizungumza na mwengine wa kijiji chengine. Niliwaambia kwamba nimeomba kazi kwenu."

Swali la kotoni lilijibiwa na meneja mkuu kwa ufupi: picha ni za zamani. Hakuendelea nalo.

Walimpigia simu baadaye kumpa kazi, kwa kipindi cha majaribio. Pendekezo la bamvu halikuchukuliwa kama alivyolisema. Vituo vyote viwili vina bamvu lilelile, kwa hiyo lori haliwezi kuwa kotekote ndani ya siku zilezile. Walichokubaliana ni kwamba kituo chake kipewe siku za mwanzo za maji mafu na kituo cha pili kifuate, na vijiji vitangaziwe siku hizo mapema msikitini na kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa vikundi. Safu ya tarehe ya kuanua ameiongeza kwenye daftari la mizani, na oveni bado hawajanunua.